Jinsi ya Kuwaaga Wakazi Unapoacha Kazi ya Kusimamia Majengo

Msimamizi aliyekaa kwenye makazi yale yale kwa miaka mingi huwa amebeba vitu ambavyo havimo kwenye mkataba wake. Ana funguo za akiba za watu waliosafiri. Anajua nyumba ipi ina mtoto mwenye pumu na ipi ina mzee asiyesikia kengele ya mlango. Amemwahidi mama wa ghorofa ya tatu kwamba dirisha lake litafungika kabla ya mvua. Kwa hiyo akiondoka, wakazi hubaki wakijiuliza kuhusu yeye, na vilevile kuhusu yale waliyomkabidhi. Barua yake ya kuaga inapaswa kumjibu kila mmoja wao: jambo lako liko wapi sasa, na liko kwa nani.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme msimamizi wetu amehudumu miaka 19 kwenye makazi yenye majengo matatu ya ghorofa, A, B na C, yenye nyumba 60 kwa jumla. Ameajiriwa na kamati ya wamiliki. Anaishi palepale, kwenye chumba cha chini cha jengo A, na anastaafu tarehe 30 Septemba.

Hatua ya 1: Patana na mwajiri kuhusu nini kitatangazwa, lini

Usimwambie mkazi hata mmoja kabla hujapata jibu la maandishi kutoka kwa mwajiri. Kwenye majengo habari ya siri hupita kwenye ngazi haraka kuliko tangazo, na ikifika imepotoka. Watu watasema umefukuzwa, au jengo limeuzwa, au kodi inapanda ndiyo maana unakimbia. Ukisha kupoteza nafasi ya kuwa wa kwanza kusema, barua yako inageuka kuwa ya kukanusha uvumi.

Mambo manne yawe yameandikwa na kukubaliwa: siku yako ya mwisho kazini, siku utakayohama chumba chako kama unaishi humo, nani anashika nafasi yako, na nani atapokea simu za wakazi ikiwa mrithi hajapatikana. Hilo la pili wengi hulisahau. Msimamizi akimaliza kazi tarehe 30 lakini akaendelea kulala palepale wiki mbili zaidi, wakazi wataendelea kumgongea usiku, na mwenzake mpya ataonekana mgeni kwenye kazi yake mwenyewe. Ikiwa lazima ubaki kidogo, tarehe ya kuhama itajwe wazi.

Kisha fuata mpangilio huu. Walinzi, wasafishaji na fundi wa kila siku waambiwe kwanza, siku moja tu kabla ya wakazi. Wao ndio watakaoulizwa getini, na si heshima kuwaacha wasikie kutoka kwa mpangaji. Wakazi waambiwe takriban mwezi mmoja kabla. Ukitangaza miezi mitatu mapema, watu huacha kukuletea matatizo wakingoja mtu mpya, na uharibifu mdogo hukua ukiwa umefichwa. Ukitangaza wiki moja kabla, huna muda wa kurudisha vya watu. Msimamizi wetu atawaambia wafanyakazi tarehe 31 Agosti, na barua itatoka tarehe 1 Septemba.

Hatua ya 2: Hesabu vilivyo mkononi mwako

Hii ndiyo hatua ndefu, na ifanyike kabla ya kuandika neno moja la barua. Barua nyingi za kuaga hushindwa hapa: zina maneno mazuri, lakini mwandishi hajui ana nini cha nani. Chukua daftari, ligawe sehemu nne, nawe ukae nalo jioni kadhaa.

Sehemu ya kwanza ni funguo. Zimwage zote mezani. Baada ya miaka 19 utakuta za aina tatu: za maeneo ya pamoja kama paa, chumba cha pampu na boksi la umeme; za nyumba ambazo wakazi wenyewe walikupa; na zile ambazo hakuna anayejua zinafungua nini. Za kwanza zijaribu moja moja kwenye kufuli zake, usitegemee kumbukumbu, kisha uzifunge kibandiko. Za pili ndizo zenye uzito. Mkazi alimpa ufunguo mtu anayemwamini; hakuupa wadhifa. Basi usimkabidhi mrithi wako ufunguo wa nyumba ya mtu bila mwenyewe kukubali. Mwandikie kila mmoja ujumbe wake: “Nina ufunguo wako wa akiba. Je, nikurudishie, au nimkabidhi msimamizi mpya mbele yako?” Akitaka urudi kwake, aupokee kwa mkono na atie saini. Akitaka ukabidhiwe mrithi, awepo.

Kwenye vibandiko usiandike namba ya nyumba. Andika namba ya kificho, moja, mbili, tatu, na orodha inayoonyesha ipi ni ya nyumba gani ikae mahali pengine, mbali na funguo. Rundo la funguo lililoandikwa “B12” na “C4” likipotea wakati wa makabidhiano, limempa mwizi ramani. Funguo za aina ya tatu, zisizojulikana, zikabidhiwe mwajiri kwenye bahasha yake na iandikwe hivyo hivyo: hazijatambuliwa. Usizitupe na usizibebe.

Sehemu ya pili ni fedha. Hata pale ambapo msimamizi haruhusiwi kupokea kodi, huwa kuna vijisenti: mchango wa kubadilisha taa ya ngazi, malipo ya fundi yaliyoachwa kwako na mtu aliyekwenda kazini, chenji ya mtu. Kila kiasi kiandikwe, kirudishwe au kifanye kazi yake kabla ya siku ya mwisho, na upate saini. Msimamizi anayeondoka akiwa na fedha ndogo ya mtu mmoja tu ataachiwa jina baya na watu 60, maana aliyebaki ndiye atakayesimulia.

Sehemu ya tatu ni ahadi. Andika kila kazi uliyomwambia mtu “nitaishughulikia”. Msimamizi wetu anakuta kumi na moja. Anazitenga: tano anaweza kuzimaliza mwenyewe mwezi huu, nazo ni komeo la dirisha, mlango unaokwaruza sakafu, na koki tatu zinazovuja. Nne zinahitaji fedha za kamati, kwa hiyo anaiandikia kamati na kuwaambia wakazi husika kwamba suala lao liko kwa kamati, lilifika tarehe fulani. Mbili haziwezekani kabisa, na alikuwa akiziahirisha kwa sababu ya aibu ya kusema hapana. Hizo mbili zinahitaji aende mlangoni aseme wazi kwamba halitawezekana, na kwa nini. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini usimwachie mrithi. Mtu aliyeambiwa “ngoja kidogo” kwa miaka miwili atamdai mgeni kwa hasira iliyokuwa yako.

Sehemu ya nne ni yale unayoyajua kuhusu watu. Hapa panataka busara, kwa sababu umeona maisha ya watu kwa ndani. Pima kila jambo kwa swali moja: je, mrithi asipolijua, kuna mtu ataumia? Kwamba mzee wa A3 hasikii kengele, hivyo ukigonga lazima usubiri au upige simu, hilo apewe, tena kwa idhini ya mzee mwenyewe. Kwamba nyumba fulani ina mtu anayetumia mashine ya kupumulia, kwa hiyo umeme ukizimwa kwa matengenezo lazima aarifiwe kwanza, apewe, kwa idhini vilevile. Lakini nani huchelewa kulipa, nani aliachana na nani, nani alirudi amelewa mwaka juzi, hayo yanaondoka nawe. Madeni ya kodi yako kwenye vitabu vya mwajiri. Hayahitaji ulimi wako.

Hatua ya 3: Andika barua

Barua isizidi ukurasa mmoja. Mkazi ataisoma akiwa mlangoni, mfuko wa vitu mkononi. Mambo ya lazima yatangulie na hisia zifuate, si kinyume chake. Najua moyo unataka kuanza na shukrani, na miaka 19 si mchezo. Lakini ukianza na aya mbili za kumbukumbu, anayesoma haraka ataishia hapo bila kujua tarehe wala nani wa kumpigia bomba likipasuka.

Hii ndiyo barua ya msimamizi wetu:

> Kwa wakazi wote wa majengo A, B na C,
>
> Salaam. Ninawaarifu kwamba ninastaafu. Siku yangu ya mwisho kazini ni tarehe 30 Septemba, na siku hiyo hiyo nitahama chumba changu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba mtahudumiwa na msimamizi mpya. Ataanza kuzunguka pamoja nami tarehe 15 Septemba, nami nitamleta kwenye mlango wa kila mmoja wenu.
>
> Simu ya ofisi ya msimamizi inabaki ile ile. Namna ya kulipa kodi na ada ya huduma haibadiliki. Mtu yeyote akiwaambia mlipe kwingine, hata akitaja jina langu, msilipe. Ulizeni kamati kwanza.
>
> Wote walioniachia funguo watapata ujumbe wao wiki hii. Kama uliniachia ufunguo, mzigo au karatasi, na hadi tarehe 10 hujasikia kutoka kwangu, tafadhali niambie. Kama nilikuahidi kazi na haijafanyika, nijulishe kabla ya tarehe 15 ili iandikwe kwenye orodha ya makabidhiano.
>
> Nimekuwa nanyi miaka 19. Nakumbuka usiku ule bomba kuu la jengo B lilipopasuka, mkatoka na ndoo, mkajipanga kwenye ngazi, na ukumbi wa chini ukakauka kabla mafundi hawajafika. Watoto waliotushikia tochi usiku ule leo ni watu wazima. Nawashukuru kwa kunifungulia milango yenu, na kwa kuniambia ukweli kila kitu kilipoharibika.
>
> Katika miaka yote hiyo wapo niliowachelewesha na wapo niliowajibu vibaya. Naomba radhi. Mwenye neno nami, atanikuta ofisini kila jioni, saa kumi na moja hadi saa moja, mpaka tarehe 28.
>
> Asanteni. Kwaherini.

Tazama aya ya pili, kwa sababu ndiyo wengi hawaiandiki. Kipindi cha kubadilishana wasimamizi ni msimu wa matapeli. Wakazi wanatarajia mabadiliko, kwa hiyo ujumbe unaosema “mimi ndiye msimamizi mpya, kodi ya mwezi huu tuma kwenye namba hii” unasadikika kirahisi. Sentensi inayosema hakuna kilichobadilika kwenye malipo, na kwamba hata jina lako lisiwe ushahidi, ndiyo kinga yao. Ikiwa njia ya malipo itabadilika kweli, tangazo hilo litoke kwa mwajiri peke yake, kwa karatasi yake, siku nyingine, lisichanganywe na kuaga kwako.

Aya ya shukrani ina tukio moja tu, na tukio lenyewe ni la wote. Hakuna jina la mtu ndani yake. Kwenye barua ya watu 60 ukitaja watano waliokusaidia sana, hao watano watafurahi na wengine wataanza kuhesabu. Waliokutendea wema wa pekee waendee mmoja mmoja, au waandikie kikaratasi kwa mkono. Tukio lenyewe liwe la kweli, wengi wawe walilishuhudia, na lisiwe na mtu wa kuaibika. Usichague usiku wa moto ulioanzia jikoni kwa mtu anayeishi humo hadi leo.

Kuhusu kuomba radhi: ni desturi ya kuaga, na kila mtu huiandika. Tofauti yake hapa ni kwamba imepewa mahali, saa na mwisho. Ukisema “kama kuna niliyemkosea anisamehe” bila zaidi, mwenye kinyongo hana pa kukipeleka. Ukitaja ofisi na saa, wachache watakuja. Wengine watakuja kulalamika, na utawasikiliza bila kujitetea. Tarehe ya mwisho ni 28, siku mbili kabla ya kuondoka, ili jambo likijitokeza upate siku mbili za kulishughulikia.

Sababu ya kuondoka ipewe sentensi moja. Kama unastaafu, sema unastaafu. Kama umepata kazi nyingine, hiyo nayo inatosha. Na kama mmekosana na mwajiri au umepunguzwa, andika tu kwamba utumishi wako unafikia mwisho tarehe fulani. Hata kama haki iko upande wako, barua ya wakazi si mahali pa kudaia. Mpangaji ataendelea kuishi chini ya mwajiri huyo, na ukimjaza hasira utakuwa umemwachia mzigo asioweza kuutua. Malalamiko yako yapeleke kwenye mkataba, kwenye chama cha wafanyakazi, au kwenye ofisi ya kazi.

Na usimsifu mrithi usiyemjua wala usimwombee msamaha mapema. “Mvumilieni, bado mgeni” ni maneno ya upendo, lakini humfanya aanze kazi akiwa mdogo machoni pa watu. Ulilonalo ni kumleta mlangoni, hilo linatosha.

Hatua ya 4: Ifikishe kwa kila mmoja

Barua ichapishwe na kupitishwa chini ya kila mlango siku moja, yote kwa pamoja. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, na maneno yale yale, bila kubadilisha hata nukta, yatumwe kwenye kundi la simu la wakazi. Ujumbe wa kundi ukiwa mfupi kuliko karatasi, watu wataanza kulinganisha na kutafuta kilichofichwa.

Kisha kuna wale wasiofikiwa na karatasi. Katika kila jengo wapo: asiyeona vizuri, asiyesoma lugha iliyotumika, anayefanya kazi usiku na kulala mchana, na yule ambaye maisha yake ya kila siku yamekushikilia kuliko wengine. Msimamizi wetu ana bibi wa A1 ambaye kwa miaka humsomea barua zake na ujumbe wa simu. Kwa bibi huyu barua hii yenyewe ingesomwa na nani? Anamwendea jioni ya tarehe 31 Agosti, kabla ya mtu yeyote kupata karatasi. Anaketi, hasimami mlangoni. Anamwambia tarehe, anamwachia anyamaze, kisha anamuuliza: “Bibi, nikiondoka ungependa nani awe anakusomea?” Bibi anamtaja binti wa jirani. Wanamwita pamoja, binti anakubali, na bibi anasomewa barua ya kwanza palepale mbele ya msimamizi. Hayo yalichukua nusu saa. Wakazi kama huyu huwa wawili watatu, na kila mmoja anastahili nusu saa yake kabla ya tangazo la jumla.

Hatua ya 5: Mlete mrithi mlangoni

Wiki mbili za kufanya kazi pamoja ni kipimo kizuri. Asubuhi ni za jengo, jioni ni za watu.

Asubuhi mwonyeshe mambo ambayo hayako kwenye mchoro. Vali kuu ya maji ya kila jengo ifungwe na kufunguliwa kwa mkono wake, si wako. Vali isiyoguswa miaka mingi hukwama, na ni heri ijulikane leo kuliko usiku wa bomba kupasuka. Izungushwe polepole, isilazimishwe kwa spana ndefu, maana shina lake likikatika maji hayatazuilika. Ikishafunguliwa hadi mwisho, irudishwe kidogo nyuma, karibu robo mzunguko, isije ikaganda ikiwa imekaza. Pampu ya jengo C huingiza hewa umeme ukikatika kwa muda mrefu. Ikiwashwa huunguruma bila kupandisha maji. Mrithi aizime, afungue kizibo cha juu, ajaze maji hadi yafurike, afunge, ndipo awashe. Afanye mwenyewe mara moja mbele yako. Kisha andika maelezo hayo kwenye karatasi ndani ya chumba cha pampu, kwa sababu atakapoyahitaji huenda ni saa nane usiku.

Jioni mpite nyumba kwa nyumba, kama ishirini kwa jioni, kwa hiyo nyumba 60 zinakwisha kwa jioni tatu, na jioni ya nne ni ya wale ambao hawakuwepo. Mlangoni sema maneno machache: huyu ndiye, anaitwa fulani, kuanzia tarehe 1 jambo lolote ni kwake. Kisha rudi nyuma hatua moja na umwachie yeye azungumze. Mkazi akianza kukueleza wewe kuhusu koki inayovuja, mwelekeze: “Mwambie yeye, anaandika.” Utaona kwa macho kama makabidhiano yanafanikiwa. Mwanzoni wakazi watakutazama wewe hata wanapomjibu yeye. Kufikia wiki ya pili wanapaswa kumtazama yeye. Wasipofanya hivyo, aghalabu ni kwa sababu bado unajibu maswali ambayo si yako tena.

Kama hakuna mrithi, usijaze pengo kwa ahadi ya “nipigieni tu”. Omba mwajiri ateue mtu wa muda, hata mjumbe wa kamati, na barua imtaje.

Hatua ya 6: Mkutano na zawadi

Wakazi wakitaka kukuaga kwa mkutano, kubali, lakini uwe baada ya makabidhiano ya funguo, si kabla. Mtu akiwa na dukuduku kuhusu ufunguo wake hatakuaga kwa moyo mweupe. Zungumza dakika tano. Usirudie barua, simulia jambo jingine moja, shukuru, umtambulishe tena mwenzako, kisha keti.

Michango ya zawadi isipite mikononi mwako wala kwenye orodha uliyoiandika wewe, na isikusanywe na msimamizi mpya, kwa sababu mpangaji hawezi kumkataa mtu atakayemhitaji kesho. Achukue jukumu hilo mkazi mmoja, na majina ya waliotoa yasibandikwe ukutani. Mwajiri ajue. Ukipewa kitu faraghani na mtu mwenye deni la kodi au shauri kwa kamati, mshukuru na umrudishie kwa upole.

Hatua ya 7: Siku ya mwisho

Soma mita zote za pamoja, za maji na umeme, mbele ya mrithi na mjumbe wa kamati, na mpige picha zinazoonyesha namba. Fomu ya makabidhiano iwe na funguo kwa idadi, vifaa, ahadi zilizobaki, na namba za mita. Itiwe saini na watu watatu, nawe ubaki na nakala. Karatasi hiyo ndiyo itakayokujibia miezi sita baadaye mtu akidai ngazi ya alumini ilikuwepo.

Kwenye kundi la simu mpe mrithi usimamizi wa kundi mapema siku hiyo, hakikisha ameupata, tuma neno moja la kwaheri, kisha utoke. Ukitoka kabla ya kumpa, kundi litabaki bila mwangalizi au litaangukia kwa mtu yeyote. Futa kwenye simu yako orodha ya wakazi, picha za vitambulisho walizokutumia, na namba za kificho za mageti. Mageti yenye namba za kubonyeza yabadilishwe namba siku hiyo hiyo. Usione ni kukushuku. Wewe ndiwe uliombe, maana likitokea la kutokea mwezi ujao hutakuwa miongoni mwa waliokuwa na namba.

Ikiwa kwa miaka yote hiyo simu ya ofisi ilikuwa laini yako binafsi, jambo hili lilipaswa kuanza mwezi mzima nyuma: mwajiri anunue laini ya kazi, itangazwe kwenye barua, na kila anayekupigia katika mwezi huo umjibu kisha umwombe ahifadhi namba mpya kabla hajakata.

Hatua ya 8: Wakiendelea kupiga

Watapiga. Wengi kwa mazoea, wengine kwa sababu msimamizi mpya amechelewa mara moja. Pokea kwa ukarimu, ulizia hali, kisha mpe namba ya ofisi na usimpe ufumbuzi. Ukimwambia namna ya kuwasha pampu, kesho atamwambia mrithi, “Mzee ameniambia hufanyi sawa.” Mambo mawili tu yavunje kanuni hii: hatari kwa uhai, na maji au umeme uliokosa kuzuilika. Hapo jibu mara moja, kisha mpigie mrithi wewe mwenyewe umweleze ulichomwambia mkazi.

Mrithi naye anaweza kukupigia, na yeye ndiye mwenye haki zaidi ya sauti yako. Mkubaliane mapema muda, mwezi mmoja kwa kawaida unatosha, na maswali yawe ya jengo. Akiuliza, “Huyu wa B7 ni mtu wa namna gani?” mwambie aende amgongee amjulie hali.